Mwisho wa Mwezi ni Lini?

Barua ya mpangaji anayeomba kuongezewa muda wa kulipa kodi ni matini fupi. Mara nyingi haizidi ukurasa mmoja, na hakuna anayeihesabu kuwa fasihi. Kwa mfasiri, hata hivyo, ni matini ngumu, kwa sababu inabeba mambo mawili yanayovutana. Inaeleza shida, na shida haina tarehe ya kuisha iliyoandikwa popote. Kisha inaahidi malipo, na ahadi ya malipo isiyo na tarehe haimsaidii anayesubiri. Mfasiri akielemea upande wa shida, anatoa barua ya kuliza. Akielemea upande wa malipo, anatoa kitu kinachosomeka kama notisi ya benki. Nataka kuisoma barua moja ya namna hiyo, niliyoifasiri kutoka Kiingereza mwishoni mwa Julai 2023, na kuonyesha sehemu chache ambapo neno moja la Kiswahili lingeweza kuhamisha pesa, lawama au siku.

Mwandishi wake ni mwalimu wa Hisabati kutoka Uganda. Anafundisha katika shule moja ya binafsi, na amepanga chumba masta na sebule huko Chamazi, wilaya ya Temeke. Ameniruhusu kuizungumzia barua yake bila jina lake. Kodi yake ni shilingi 120,000 kwa mwezi, lakini kama ilivyo kawaida Dar es Salaam, halipi mwezi kwa mwezi. Analipa miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 720,000. Mkataba wake ulikuwa unaisha Jumatatu, tarehe 31 Julai, naye mkononi alikuwa na shilingi 240,000. Kiswahili chake kinamtosha gengeni na kwenye daladala za Mbagala Rangi Tatu, ila akishika kalamu anarudi kwenye Kiingereza.

Mwenye nyumba ni mama mtu mzima ambaye uwanja mzima unamwita Bibi. Mwalimu alipomgusia habari ya kuchelewa, alimjibu, “Niandikie mwanangu. Watoto wangu wakiniuliza niwe na cha kuwaonyesha.” Jibu hilo linamwambia mfasiri mengi. Barua itasomwa kwa sauti na mjukuu, kwa hiyo inapaswa kueleweka kwa sikio. Itawafikia watoto wa Bibi, ambao hawamjui mwalimu na hawana sababu ya kumwonea huruma. Na mambo yakiharibika, itakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, atakayeitazama kama ushahidi. Darasani tunafundishwa kumtambua msomaji lengwa kabla ya kuanza kufasiri. Hapa walikuwa watatu, na kila mmoja angeitafuta sentensi yake.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina la kinachodaiwa. Katika Kiingereza chake mwalimu alikuwa ameandika neno ambalo kamusi zetu hulipa kisawe cha “malimbikizo”, yaani kodi ya miezi iliyopita ambayo haijalipwa. Nadhani alilichukua kwenye barua za mfano, maana ndilo linalokaa kwenye barua za namna hiyo. Lakini mwalimu hakuwa na malimbikizo yoyote. Tarehe 31 Julai alikuwa amelipia kila siku aliyolala katika nyumba ile. Alichokuwa hana ni kodi ya miezi ambayo bado haijafika. Ningeandika “deni langu”, ningemfanya mdaiwa kwa maandishi yake mwenyewe, mbele ya watoto wa Bibi na mbele ya mwenyekiti. Na mdaiwa anaomba kwa namna tofauti na mtu anayetaka kuanza mkataba mpya kwa awamu mbili.

Hapa ndipo mfasiri anapojaribiwa. Anaweza kulifasiri neno kama lilivyo na kuuacha uongo usimame, au anaweza kulirekebisha kimyakimya kwa nia njema. Mimi nilimpigia simu nikamuuliza, “Unadaiwa mwezi gani?” Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hakuna.” Tukakubaliana kwenye “sehemu iliyobaki ya kodi ya miezi sita”. Ni ndefu, ila ni kweli. Nimeufanya huo kuwa utaratibu wangu: mfasiri anauliza, mwandishi anaamua. Katika riwaya mfasiri anaweza kukosa wa kumuuliza. Katika barua ya kodi mwandishi yupo, ana simu, na ndiye atakayefukuzwa.

Hata neno “kodi” lilihitaji kuzungushiwa ua. Kwa Kiswahili kodi ni ya nyumba na pia ni ya serikali, na tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Katika nyumba ya Bibi wapangaji wanachangia mita moja, kwa hiyo ubishi wa nani analipa kodi gani ulikuwapo tayari. “Kodi ya nyumba” ingeweza kuuamsha. “Kodi ya chumba na sebule ninapokaa” haiwezi.

Tatizo la pili ni lile la shule. Sisi tuliosoma Tanzania tumekaririshwa barua rasmi: anuani mbili, “YAH:” kwa herufi kubwa, kisha “Husika na kichwa cha habari hapo juu.” Sentensi hiyo ya kufungulia haisemi chochote. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mwandishi alipita darasani. Kwa Bibi, inafanya na jambo jingine baya zaidi: inaitoa salamu. Mwalimu humwamkia kila asubuhi akipita uani. Barua isiyo na shikamoo ingeonekana imeandikwa na mtu mwingine, au na mtu aliyekasirika. Kwa upande mwingine, nisingeweza kuitupa sura rasmi yote, kwa sababu watoto wa Bibi na mwenyekiti wanaiheshimu karatasi yenye kichwa na tarehe. Nikabakiza YAH, kwa sababu inasaidia anayetafuta karatasi kabatini baada ya miezi mitano. “Husika” nikaiacha, na mahali pake nikaweka “Bibi, shikamoo.”

Sasa shida yenyewe. Barua chanzi ilisema kwamba mwalimu amepatwa na ugumu wa kifedha kutokana na mazingira yaliyo nje ya uwezo wake. Kiswahili cha ofisini kina sentensi hiyo hiyo ikiwa tayari, na ningeweza kuinakili bila jasho. Kasoro yake ni kwamba inafaa shida yoyote ya mtu yeyote. Kiswahili cha mtaani nacho kina akiba yake: “nimeyumba kidogo”, “mambo hayajakaa sawa”, “nimekwama”, “vyuma vimekaza”. Hayo ni maneno matamu na yana undugu ndani yake. Anayesema vyuma vimekaza anamwambia mwenzake kwamba wote tumo humo. Lakini yasikilize kwa sikio la mwenye nyumba. Vyuma vilikazwa na nani, na vitalegea lini? Methali hizi ndogo zinaisambaza shida nchi nzima mpaka inakuwa haina mwenyewe, na shida isiyo na mwenyewe haina mwisho.

Shida inayoelezwa kwa uaminifu katika barua ya kodi ina vipande vitatu: nini kilitokea, kimepunguza kiasi gani, na kinatarajiwa kuisha lini. Nilimuuliza mwalimu vipande hivyo kimoja kimoja. Shule ilimlipa nusu ya mshahara wa Juni. Wa Julai haikulipa. Uongozi ulikuwa umewaandikia walimu kwamba malipo yote yatatoka Ijumaa, tarehe 1 Septemba. Sentensi tatu, na hakuna hata moja inayoomba huruma. Lakini mtoto wa Bibi aliyeko Kigamboni akizisoma anaelewa kwa nini pesa haipo na kwa nini itakuwapo.

Kulikuwa na kipande cha nne. Katika aya ya shida mwalimu alikuwa ameandika kwamba mwanawe aliugua na kulazwa. Ni kweli, alilazwa mwezi wa tano, na Bibi mwenyewe alikwenda kumwona. Kiswahili kina kitenzi chenye nguvu kwa hali hiyo: “nimeuguliwa”. Mtu akisema ameuguliwa, mlango unafunguka. Tatizo ni kwamba gharama za hospitali zilikwisha kulipwa kabla ya Juni, na kitenzi hicho katika wakati uliopo timilifu kingemfanya msikilizaji aamini kwamba mtoto bado yuko kitandani na kwamba pesa ya kodi ndiyo iliyonunua dawa. Kila neno lingekuwa la kweli, na maana yote ingekuwa ya uongo. Nilimweleza hivyo. Yeye mwenyewe akaamua kulihamisha jambo la mtoto likae mwishoni, kama shukrani.

Ombi lilikuwa rahisi zaidi, ila nalo lina mtego. Kiingereza cha adabu hupenda kuomba kwa masharti, na tafsiri nyingi huleta “ningependa kuomba” au “ningeomba”. Kiambishi -nge- katika Kiswahili kinaacha kitu kinaning’inia: ungeomba, kama nini? “Naomba” inatosha, na ina adabu yake kamili. Baada ya “naomba” kinafuata kitenzi, na hapo kuna uchaguzi. “Naomba univumilie” inamweka Bibi katika kazi ya kuvumilia, kazi isiyo na kikomo. “Naomba unisubiri” inamwacha mlangoni. “Naomba nilipe kwa awamu mbili” inamrudishia mwalimu kazi, na inamwachia Bibi jambo moja tu la kukubali au kukataa.

Tunafika kwenye ahadi, ambako barua nyingi za aina hii hufia. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba anatarajia kuwa katika nafasi ya kulipa kufikia mwisho wa Agosti, au mapema Septemba iwapo kutatokea ucheleweshaji. Kwa Kiingereza hiyo ni lugha ya mtu mwangalifu. Mwanafalsafa John Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuahidi si kueleza jambo bali ni kulitenda: anayesema “naahidi” hatoi taarifa, anajifunga. Kwa kipimo hicho, sentensi ya mwalimu haikuwa ahadi. Ilikuwa utabiri wa hali ya hewa. “Natarajia kulipa” inaeleza matarajio. “Nitajitahidi kulipa” inaahidi jitihada, na jitihada haziingii kwenye M-Pesa. “Nitalipa” peke yake ndiyo inayofunga, mradi ifuatwe na siku.

Na siku haikuwapo. “Mwisho wa mwezi” ni maneno ambayo kila mtu Dar es Salaam anaamini anayaelewa. Kwa mtumishi wa serikali mwisho wa mwezi ni siku mshahara unapoingia, na huingia kabla mwezi haujaisha. Kwa Bibi ni tarehe 30 au 31, kwa sababu hapo ndipo mkataba unapokatika. Kwa mwalimu wa shule binafsi ni siku yoyote uongozi utakapopata pesa, hata kama ni tarehe 8 ya mwezi unaofuata. Watu hao watatu wanaweza kukubaliana “mwisho wa mwezi” huku wakitabasamu, kisha wakagombana wote wakiwa wakweli.

Hapa pia mfasiri hana haki ya kuchagua siku. Nikiandika tarehe 31 Agosti, nimemwahidia mtu pesa isiyo yangu. Nikaandika “mwisho wa Agosti au mwanzoni mwa Septemba”, nimefasiri vizuri na nimemwacha Bibi mikono mitupu. Nilimrudishia mwalimu swali: tarehe yako inasimama juu ya tarehe gani? Akasema juu ya Ijumaa, tarehe 1 Septemba. Kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna wikiendi, na pesa ya benki mara nyingine hulala. Akachagua Jumanne, tarehe 5. Tuliandika siku ya wiki na tarehe pamoja, kwa sababu viwili hivyo vinalindana: mjukuu akikosea kusoma namba, “Jumanne” itamsahihisha.

Ikabaki nukta. “Mpaka tarehe 5” na “kabla ya tarehe 5” haziko sawa, na kwa watu wengi ya pili inaitoa tarehe 5 yenyewe. Tulichagua kutaja siku bila kihusishi, kisha saa. Mwalimu alikuwa ameandika saa sita ya jioni kwa hesabu ya Kiingereza, ambayo kwa saa ya Kiswahili ni saa kumi na mbili jioni. Anayefasiri namba badala ya wakati angemfanya Bibi asubiri mchana au usiku wa manane.

Mwisho kabisa, Mungu. Barua chanzi haikumtaja. Lakini katika uwanja ule wa Chamazi, mtu anayetaja siku ya mbele bila kusema inshallah au Mungu akipenda anaonekana anajivuna. Wakati huohuo sote tunajua jinsi maneno hayo yanavyotumika kuchomoka. Mtu akimaliza ahadi kwa “Mungu akijalia” huku anafunga mlango, mdai anajua hatalipwa. Nilimweleza mwalimu kwamba yote yanategemea sharti linakaa wapi na linashika nini. “Nitalipa tarehe 5, Mungu akijalia” linashika malipo yote: mshahara, nia, kila kitu. “Mungu akinijalia uzima, nitalipa tarehe 5” linashika uhai tu. Nikiwa hai, nalipa. Yeye ni Mkristo, Bibi ni Mwislamu, na sentensi hiyo inawatosha wote wawili. Alikubali iingie.

Nilimuuliza swali moja zaidi ambalo barua chanzi haikuligusa: shule isipolipa Ijumaa, je? Alifikiri, akaongeza sentensi yake mwenyewe. Barua iliyotoka ni hii:

Chamazi, 29 Julai 2023

YAH: OMBI LA KULIPA KODI YA MIEZI SITA KWA AWAMU MBILI

Bibi, shikamoo.

Mkataba wangu unaisha Jumatatu, tarehe 31 Julai. Nataka kuendelea kukaa miezi sita mingine, Agosti hadi Januari. Kodi ya chumba na sebule ninapokaa, kwa miezi hiyo, ni shilingi 720,000.

Kwa sasa sina zote. Shule ninakofundisha ilinilipa nusu ya mshahara wa Juni, na wa Julai haijalipa. Uongozi umetuandikia kwamba utalipa yote Ijumaa, tarehe 1 Septemba.

Naomba nilipe kwa awamu mbili. Jumatatu, tarehe 31 Julai, nitakuletea shilingi 240,000, ambazo ni kodi ya Agosti na Septemba. Mungu akinijalia uzima, Jumanne, tarehe 5 Septemba, kabla ya saa kumi na mbili jioni, nitakuletea sehemu iliyobaki, shilingi 480,000, ambazo ni kodi ya Oktoba hadi Januari.

Mshahara usipotoka Ijumaa hiyo, nitakuja mwenyewe Jumamosi, tarehe 2, kukueleza kabla siku ya malipo haijafika.

Mtoto anaendelea vizuri. Asante kwa kuja kumwona alipolazwa mwezi wa tano.

Mpangaji wako.

Ukiisoma kama fasihi, ni kavu. Haina tamathali hata moja. Lakini ifanyie jaribio ambalo nadhani ndilo linalofaa: msomee mtu kwa sauti mara moja, kisha muulize nani atalipa, shilingi ngapi, siku gani, na kwa nini si leo. Akijibu yote bila kuiomba karatasi, tafsiri imefanya kazi. Barua chanzi, kwa Kiingereza chake kizuri, isingelipita jaribio hilo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba tafsiri bora daima ni ile iliyo karibu zaidi na chanzi. Peter Newmark alitenganisha tafsiri inayoshikamana na mwandishi na ile inayomwelekea msomaji, na hoja hiyo imetufikia kwa Kiswahili kupitia vitabu kama Kitangulizi cha Tafsiri cha Mwansoko na wenzake cha mwaka 1996. Katika barua hii pande zote mbili zilikuwa na kasoro ileile: siku haikuwapo kwenye chanzi, kwa hiyo hakukuwa na cha kushikamana nacho wala cha kumpelekea msomaji. Ilibidi irudi kwa mwenyewe ikazaliwe.

Tafsiri nzuri haileti mshahara. Ijumaa ile shule ililipa sehemu tu. Jumamosi tarehe 2 mwalimu alikwenda kwa Bibi kama alivyoandika, akamweleza alichopata na alichokosa. Jumanne alipeleka shilingi 300,000 kabla ya magharibi. Zikabaki 180,000, na Bibi hakuuliza habari ya dalali wala ya kuhama. Alimwita mjukuu aliyemsomea barua mara ya kwanza, akamwambia aigeuze karatasi na kuandika nyuma yake. Mwalimu alinitumia picha. Mwandiko ni wa mtoto wa shule, mstari mmoja: “Zimebaki 180,000. Jumanne tarehe 19 Septemba, jioni kabla ya saa kumi na mbili.” Chini yake Bibi ameweka sahihi, na mwalimu ameweka yake.